Chumba cha Peke Yako au Nyumba ya Kuchanga: Mwongozo wa Kupanga Dodoma kwa Anayeanza Kazi

Ukipata kazi Dodoma, nyumbani watakuambia utafute chumba kidogo ujibane. Wenzako wa kazini watakuambia usijitese, njoo tuchange nyumba. Pande zote mbili zinaongelea kodi tu, na kodi ndiyo hesabu nyepesi kuliko zote. Kinachomtoa mtu jasho ni fedha ya siku ya kwanza, nauli ya kila siku, mita ya umeme, maji, na kwa waliochanga nyumba, siku mwenzao mmoja anaposema anahama. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Hatua ya kwanza: anza na kazi yako ilipo, kisha ndiyo utafute mtaa

Dodoma ni mji uliotawanyika. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku moja kwa moja, kazi nyingi ziko mbali na katikati ya mji. Mji wa Serikali uko Mtumba, upande wa mashariki, barabara ya kwenda Dar es Salaam. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Biashara nyingi bado zimebaki mjini, Majengo na Sabasaba. Nyumba nzuri na ya bei ya kuvutia Nkuhungu au Mkonze iko upande wa pili kabisa kwa mtu anayefanya kazi Mtumba.

Tuchukue vijana watatu wanaotaka kuchanga nyumba: mhasibu wa Mtumba, muuguzi wa Benjamin Mkapa na fundi simu mwenye kibanda mjini. Bei nitakazotumia ni za mfano, weka za kwako. Wamepata nyumba ya vyumba vitatu Nkuhungu, ina uzio na tangi la maji, kwa 360,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa watatu kila mmoja anatoa 120,000. Mhasibu huyohuyo ameonyeshwa chumba masta, yaani chenye choo na bafu ndani, Ihumwa kwa 100,000.

Kutoka Nkuhungu mhasibu atapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Tuseme 2,800 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 61,600, ukijumlisha na kodi ni 181,600. Akiwa Ihumwa anapanda gari moja kwenda na moja kurudi, tuseme 1,200 kwa siku, yaani 26,400. Kodi na nauli vyote pamoja ni 126,400. Fundi simu naye anatoka Nkuhungu hadi mjini kwa gari moja tu, kwake nyumba ile ni nafuu. Kwa hiyo nyumba moja, siku ileile, ni faida kwa mmoja na hasara kwa mwingine. Kama mnataka kuchanga, changa na watu mnaoelekea upande mmoja asubuhi. Urafiki peke yake hautoshi kulipa nauli.

Muuguzi ana lake la ziada: zamu za usiku. Asikubali nyumba kabla ya kusimama kituoni saa tatu usiku kuona kama daladala bado zipo. Zikiwa hazipo, ni bodaboda, na bei ya bodaboda ya usiku haifanani na ya mchana.

Hatua ya pili: hesabu fedha ya siku ya kwanza

Wengi hapa hudhani kuchanga ni kwa mtu asiye na hela. Mara nyingi ni kinyume. Chumba unaweza kupata kwa kulipa miezi mitatu. Nyumba nzima, wenye nyumba wengi wanataka miezi sita, na wapo wanaotaka mwaka. Juu yake kuna dalali, ambaye kawaida anachukua sawa na kodi ya mwezi mmoja.

Nyumba ya Nkuhungu kwa miezi sita ni 2,160,000, na dalali 360,000. Jumla 2,520,000, kila mmoja 840,000 kabla hajanunua hata godoro. Chumba cha Ihumwa kwa miezi mitatu ni 300,000 na dalali 100,000, jumla 400,000. Anayeanza kazi na hajapokea mshahara wa pili, kwa maoni yangu, achukue chumba kwanza. Miezi mitatu ya chumba inamtosha kuujua mji na kuwajua hao marafiki anaotaka kukaa nao.

Muda wa kutafuta nao una uzito. Bunge la Bajeti linaanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na mji hujaa wageni. Vyuo vikikaribia kufunguliwa, vyumba vya kuzunguka UDOM vinagombewa. Dalali atakuambia, "Bosi wangu, hiki kuna mtu anakuja kukilipia jioni." Huyo mtu huwa anakuja jioni kila siku. Usikimbizwe.

Hatua ya tatu: nunua LUKU kabla ya kulipa kodi

Hii ndiyo hatua ninayowasihi watu wasiiruke, na gharama yake ni shilingi elfu tano. Ukishapenda chumba au nyumba, omba namba ya mita na ununue umeme wa 5,000 kwa simu yako. Ujumbe na risiti utakayopata vitakuambia mambo matatu.

La kwanza ni jina. Mita imesajiliwa kwa jina la mtu. Likifanana na la anayejiita mwenye nyumba, vizuri. Lisipofanana, si lazima awe tapeli. Huenda nyumba ni ya marehemu baba yao au kiwanja kilinunuliwa kwa mtu mwingine. Lakini sasa una swali la kuuliza, na jibu lake ulipeleke kwa majirani au kwa mwenyekiti wa mtaa.

La pili ni kundi la bei. Wateja wa nyumbani wa TANESCO wanaotumia umeme kidogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, wako kundi la D1, ambako uniti moja ni shilingi 100. Wengine wako T1, ambako uniti ni 292. Ukiongeza VAT na tozo zinazokatwa hapohapo, uniti ya D1 inakuwa kama 122 na ya T1 kama 356. Hivyo 5,000 yako ikikupa uniti 14 hivi, uko T1. Ikikupa karibu 40, uko D1. Nyumba yenye wapangaji sita kwenye mita moja ni vigumu kubaki chini ya uniti 75, kwa hiyo hata wewe unayewasha taa na kuchaji simu tu utalipa bei ya T1, kwa sababu ya friji ya jirani.

La tatu ni makato. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi, kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Ukipata uniti pungufu, soma risiti uone kilichokatwa kabla hujasema umeibiwa. Tatizo ni nyumba iliyokaa tupu. Miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme, kodi ile inalimbikizwa, na madeni mengine ya mita pia yanasubiri. Mpangaji mpya ndiye anayekutana nayo. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kulipa: ama aimalize kwanza, ama mpunguze kwenye kodi ya pango, na liandikwe kwenye mkataba.

Kama chumba kina submita, muulize mwenye nyumba anauza uniti kwa bei gani. Wapo wanaouza bei ya TANESCO na wapo wanaoongeza. Piga picha namba ya submita siku unayoingia, mbele ya mtu.

Hatua ya nne: maji, bati na vumbi

Usiulize "maji yapo?" Jibu siku zote ni yapo. Uliza majirani maji ya DUWASA yanatoka siku gani na saa ngapi, na yakikatika mnateka wapi. Kisha angalia chombo cha kuhifadhia. Mtu mmoja anayeoga, kufua na kupika kwa kujibana anatumia kama lita 40 kwa siku, ndoo mbili. Pipa la lita 200 linampeleka siku tano. Watatu kwa kiasi hichohicho wanamaliza tangi la lita 1,000 kwa siku nane, na choo cha kuvuta maji kikiwepo hawafiki huko. Maji ya mgao yakija mara moja kwa wiki, unaona mwenyewe kama chombo kinatosha au utakuwa mteja wa wauza maji.

Onja pia. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi. Paka sabuni mkononi: isipotoa povu haraka, ujue utafua kwa sabuni nyingi na birika lako litaota utando mweupe.

Chumba kitazame saa nane mchana. Dodoma Oktoba na Novemba ni moto, na chumba chenye bati bila siling'i bodi hakikaliki saa hizo. Mvua zinanyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo ukienda kiangazi hutaona panapovuja. Tafuta madoa ya kahawia kwenye dari na kwenye kona za ukuta. Upepo nao unaleta vumbi miezi mingi ya mwaka. Dirisha lisilofunga vizuri ni kazi ya kufuta meza kila siku.

Hatua ya tano: kulipa

Mlipe mwenye nyumba, si dalali. Dalali umpe chake mkono kwa mkono baada ya mkataba kusainiwa na funguo kuwa mfukoni. Mkataba uwe na kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na kuisha, nani anatengeneza kikiharibika nini, notisi ya kuondoka, na namba ya mita. Ukiweza, sainini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ndiye utakayemrudia mambo yakiharibika, na Baraza la Kata lipo kwa usuluhishi. Fedha ipite kwenye simu au benki ili ibaki na kumbukumbu. Kama mzee anataka taslimu, mwambie kwa adabu, "Sawa mzee, naomba basi uniandikie kwamba umepokea," na huwezi kuonekana mkorofi.

Siku hiyohiyo badilisha kitasa. Mpangaji aliyetoka huenda bado ana ufunguo.

Kwa mnaochanga nyumba: andikeni kabla ya kuhamia

Nyumba za kuchanga huwa hazivunjiki kwa ugomvi wa vyombo. Zinavunjika mwezi wa tano tangu mhamie, pale kodi ya miezi sita inapokaribia kuisha na mmoja anasema amepata uhamisho, au anaoa, au hana hela. Turudi kwa vijana wetu. Fundi simu anaondoka na hawakuwa wamekubaliana chochote. Mwenye nyumba anataka 2,160,000 zilezile. Waliobaki ni wawili, na kila mmoja aliyejiandaa kutoa 720,000 sasa anatakiwa kutoa 1,080,000 ndani ya wiki tatu. Hapo ndipo watu huachana bila kusalimiana.

Karatasi moja ya daftari inazuia hilo. Majina yote matatu yawe kwenye mkataba na mwenye nyumba, asiwe mmoja tu "aliyetutafutia." Kisha kati yenu andikeni kwamba kila mmoja atasema kama anaendelea au haendelei miezi miwili kabla ya kodi kuisha. Anayeondoka katikati atafute mtu wa kumrithi ambaye waliobaki wanamkubali. Fundi simu akiondoka baada ya miezi minne, ana miezi miwili aliyoilipia, yaani 240,000. Hiyo anarudishiwa na mrithi wake, hadai kwa mwenye nyumba wala kwa wenzake. Asipopata mrithi, fedha yake imelala, lakini hadaiwi tena LUKU wala maji tangu siku aliyotoka.

Kodi inayofuata msiikusanye kwa mtu mmoja. Mtunza hazina wa nyumba ni cheo kinachoua urafiki, hata akiwa mwaminifu, maana mama akiugua kijijini fedha iliyo karibu ndiyo inayotumika. Kila mmoja ajiwekee 120,000 zake kila mwezi, na ikifika siku atume sehemu yake moja kwa moja kwa mwenye nyumba, risiti zote zibandikwe kwenye kundi lenu la WhatsApp.

Msinunue kitu kwa kuchanga. Mmoja anunue mtungi wa gesi na jiko, mwingine makochi, mwingine friji. Siku ya kuachana kila mtu anabeba chake. Friji ya watu watatu haigawanyiki.

LUKU igawanyeni sawa kwa taa, runinga na friji ambayo wote mnaitumia. Vinavyokula umeme kweli ni vya kupasha moto. Jiko la umeme la wati 1,500 likiwaka saa mbili kwa siku linakula uniti 3. Kwa bei ya T1 ni zaidi ya shilingi 1,000 kwa siku, karibu 32,000 kwa mwezi. Huyo mwenye jiko lake chumbani hawezi kuchangia sawa na wenzake. Maji ya kuoga ya moto si ya kugombania sana: ndoo nzima ya lita 20 kupashwa hadi iwe vuguvugu ni kama nusu uniti au zaidi kidogo, shilingi 200 hivi, na baridi ya Juni na Julai alfajiri inaruhusu anasa hiyo. Ila kila mmoja akijua bei, anapunguza mwenyewe.

Chakula ndicho kilichobaki. Muuguzi wa zamu anakula kazini nusu ya mwezi, mhasibu anarudi saa moja usiku, fundi simu anakula kwa mama ntilie mchana. Kula chungu kimoja kwa kuchanga sawa hakutawafaa hawa. Kinachofaa ni kuchangia vitu vikavu tu, unga, mchele, maharage, mafuta na gesi, na mboga anunue anayepika siku hiyo. Mlenda na nyanya chungu havijawahi kumfilisi mtu.

Na wageni. Dodoma sasa ina hospitali kubwa, kwa hiyo ndugu atakuja kutibiwa na atafikia kwako. Hilo halikataliwi. Andikeni tu kwamba mgeni wa zaidi ya wiki moja, mwenyeji wake anaongeza sehemu ya maji na LUKU, na mpenzi anayelala siku nne kwa wiki ni mpangaji, siyo mgeni. Hili la mwisho lisemeni mkiwa bado mnacheka, kabla hajapatikana mhusika.

Kwa anayekaa peke yake

Chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi nacho ni kuishi na watu, ila hukuwachagua. Uliza mapema zamu ya kufagia uani na kuosha choo, bili ya maji inagawanywa kwa kichwa au kwa chumba, na geti linafungwa saa ngapi. Kwa kichwa inakufaa wewe uliye mmoja. Kwa chumba unawalipia wenye familia ya watu watano.

Kupikia, mtungi wa gesi wa kilo 6 unamtosha mtu anayepika mara moja kwa siku kama mwezi hivi. Uweke karibu na dirisha, mbali na kitanda, na funga valvu ya mtungi kila unapomaliza, siyo kitufe cha jiko peke yake. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa. Fungua mlango na dirisha utoke. Mkaa uwashie nje na ubaki nje. Baridi ya Juni huwashawishi watu kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, na hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala moshi wa kukuamsha. Kichwa kikianza kuuma na kizunguzungu ukiwa karibu na mkaa, toka nje mara moja.

Mtu mmoja awe na ufunguo wako wa pili: mwenzako wa kazini, au mama wa chumba cha jirani ukishamzoea. Malaria au homa ikikukamata usiku ndani ya mlango uliofungwa kwa komeo, simu iliyoisha chaji haisaidii. Namba ya mtu wa nyumbani mpe mwenye nyumba siku ya kusaini. Na ukihamia, wapitie wapangaji wenzako uwasalimu, wakubwa uwape shikamoo yao. Ndio watakaokuanikia nguo mvua ikianza wewe uko Mtumba.

Siku ya kutoka

Toa notisi kwa maandishi kama mkataba unavyosema, hata kama mwenye nyumba ni rafiki yako. Lipa bili ya maji ya mwezi huo, piga picha submita au uniti zilizobaki kwenye mita, na mkague chumba pamoja mchana kweupe. Kabidhi funguo zote, akuandikie kwamba amezipokea na hakudai.